Shangazi, nifunge saluni kimya kimya au niwaambie wateja?

Shikamoo Shangazi. Nina saluni ya nywele, kucha na kope, mwaka wa nne sasa, iko kwa jina langu mwenyewe. Tangu wateja wa maharusi wapungue sijaweza kusimama. Kodi ya chumba nadaiwa miezi miwili, wasusi wangu watatu nawaomba samahani ya mshahara kila mwisho wa mwezi, muuza dawa za nywele amekataa kunikopesha, na mashine moja ya usoni bado nailipia kwa awamu. Kuna wateja 23 waliolipia kabla: wengine kadi za huduma kumi, wengine kianzio cha harusi. Dada yangu mkubwa naye alinikopesha na anasema damu kwanza.

Nimeamua kufunga. Wazo langu ni kuuza drayer na masinki pole pole bila kelele, nilipe kodi, nilipe dada, halafu mwisho wa mwezi nifunge mlango na kubadilisha namba ya simu. Rafiki yangu amenishauri nitangaze ofa kubwa ya kulipia kabla ili nipate pesa ya kufungia. Nifanyeje ili nisiache jina baya?

Mwenye Funguo Mkononi

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ofa ya rafiki yako, maana hiyo haina subira. Usiitangaze. Na kuanzia leo jioni usipokee tena pesa ya huduma ambayo hujaitoa, hata kama mteja anakusukumia mwenyewe. Kwenye vitabu vya hesabu kianzio kinaandikwa upande wa madeni, kwa kuwa pesa iliyoingia kabla ya huduma bado hujaifanyia kazi, na mteja anakudai. Mtu akichukua kianzio huku anajua hatakuwepo siku ya kazi, hapo biashara iliyoshindwa imegeuka udanganyifu, na polisi hawatauliza kama ulikuwa na nia njema. Waondolee wateja kishawishi pia: toa kwenye kurasa zako kila tangazo la kadi na zawadi, na yule msusi anayepokea simu umwambie wazi kwamba sasa kila huduma inalipwa baada ya kufanyika.

Mwisho wa mwezi nao ni mapema mno. Wengi huchagua tarehe ya kufunga kwa kutazama siku ya kodi. Kazi yetu ina mkia, na mkia huo ndio unaopanga tarehe. Kope za kubandika zinahitaji kujazwa baada ya wiki mbili au tatu, na zikiachwa mteja huanza kuzing'oa kwa vidole pamoja na kope zake za asili. Kucha za jeli zinataka kutolewa au kujazwa ndani ya wiki tatu hivi. Wivingi ya kushonea inakaa wiki sita hadi nane, kisha lazima mtu aifumue bila kukata nywele za chini. Ukibandika kope siku ya Ijumaa na Jumatatu mlango una kufuli, umemwachia mtu kazi nusu kichwani. Huyo ndiye atakayekutangaza, na hatakuwa anasema uongo.

Kwa hiyo jipe wiki sita. Wivingi za kushonea usishone tena kuanzia leo, isipokuwa kwa mteja anayejua na kukubali kwamba ataifumulia kwingine. Wiki nne za kwanza fanya kazi kama kawaida, ukitanguliza wale 23. Wiki mbili za mwisho ziwe za kutoa na kufumua, na huduma zinazoisha siku hiyo hiyo: kuosha, kukata, kusuka, kupaka rangi ya kucha ya kawaida. Kope mpya na jeli mpya usiweke. Kabla ya kuitaja tarehe hiyo kwa mtu yeyote, soma mkataba wa chumba uone notisi ni ya siku ngapi. Notisi ikiwa ya miezi miwili na wewe ukaondoka baada ya wiki sita, zile siku zilizobaki ni deni jingine utakalokuwa umelisahau kwenye daftari.

Sasa daftari. Sitakuuliza unadaiwa kiasi gani. Chukua deni lako lote, uligawe mafungu 100, halafu tufanye hesabu kwa mafungu. Nitakisia kwa mfano wa saluni inayofanana na yako; wewe weka namba zako. Wasusi wanadai mafungu 14. Mwenye nyumba 18. Muuza dawa 22. Mashine ya usoni imebaki 16. Wateja waliolipia kabla 20, na hapo ndipo wengi hushtuka kwa sababu hawajawahi kuwahesabu. Dada 10. Kasha lako lina pesa taslimu mafungu 6. Ukitazama hivyo tu unaona umezama.

Lakini deni la saluni lina sifa moja nzuri, kwamba sehemu yake hulipika bila pesa. Anza na muuza dawa. Makopo ya rilaksa na rangi ambayo hayajafunguliwa, hayajaisha muda, na bado yana maboksi yake, mwombe ayapokee tena na kuyapunguza kwenye ankara. Mara nyingi atakubali, kwa sababu anajua kuisaka pesa ya saluni iliyofungwa ni kazi ngumu kuliko kuuza tena kopo. Tuseme amepokea ya mafungu 8. Anabaki akidai 14. Kisha wateja. Ndani ya wiki nne za kazi unaweza kuwahudumia wengi wa wale 23 kwa mikono na dawa ulizonazo. Tuseme huduma za mafungu 13 zimetolewa. Zimebaki 7 za kurudishwa kwa pesa, hasa vianzio vya harusi ambazo tarehe zake ni baada ya kufunga kwako. Kisha chumba. Ile amana uliyoweka ulipoingia, kama mkataba unaruhusu, kubalianeni kwa maandishi ikatwe kwenye kodi unayodaiwa. Amana ya mafungu 9 inafanya kodi ibaki 9. Usijikatie mwenyewe kwa kuacha kulipa na kusema "atajua". Mwenye nyumba ana haki ya kuishikilia mpaka aone chumba kimerudi salama.

Mashine ya usoni ina kanuni yake. Kama mkataba wa awamu unasema mashine ni ya muuzaji hadi awamu ya mwisho, huna cha kuuza hapo. Ukiiuza kimya umeuza mali ya mtu, na yule aliyeinunua kwako anaweza kunyang'anywa. Soma pia karatasi ya mkopo wowote uone kama drayer na viti viliandikwa dhamana. Nenda kwa mwenye mashine na mnunuzi ukiwa naye, au uombe barua ya kiasi kilichobaki ili kumaliza. Mnunuzi akilipa mafungu 19, 16 zinakwenda moja kwa moja kwa mwenye mashine, wewe unapewa hati ya kumaliza deni na 3 zinabaki kwako. Asipopatikana mnunuzi, uliza masharti ya kuirudisha, na uulize waziwazi kama ukirudisha utabaki unadaiwa tofauti. Wengi hurudisha wakidhani wamemaliza, halafu barua inakuja.

Hebu tuone tulipofika. Wasusi 14, chumba 9, dawa 14, wateja 7, dada 10: jumla 54. Upande wa pili una 6 za kashani, 3 za mashine, tuseme 25 za vifaa vingine, na 2 zilizobaki kwenye mapato ya wiki sita baada ya kulipa mishahara, kodi na umeme wa wiki hizo hizo. Jumla 36. Haitoshi, ndiyo. Ila 36 kwa 54 ni mazungumzo tofauti kabisa na 6 kwa 100.

Nani kwanza? Wasusi. Nchi nyingi sheria inautanguliza mshahara, na hata pasipo sheria, hao ndio waliokufanyia kazi wakisubiri. Toa 14, zinabaki 22. Wateja wa kurudishiwa, toa 7, zinabaki 15. Mimi nawaweka hapo kwa sababu hawakukukopesha kwa hiari kama muuza dawa alivyofanya, walidhani wananunua. Zile 15 wagawie watatu waliobaki kwa uwiano wa madai yao. Wanadai jumla 33, kwa hiyo kila mmoja anapata karibu asilimia 45 ya haki yake: chumba 4, dawa 6 na nusu, dada 4 na nusu. Zinabaki 18 za kulipa kwa awamu ukiwa umeajiriwa au unasuka kwa watu.

Sasa dada. Najua utamkuta kwenye kila shughuli ya familia mpaka uzeeke. Lakini damu ikitangulia, wadai wengine wakijua, watasema umeficha mali kwa ndugu, na mahakama ikiingia malipo ya namna hiyo yanaweza kutenguliwa na dada akatakiwa arudishe. Vivyo hivyo kumwachia drayer tatu kwa bei ya kutupa. Kaa naye, mwonyeshe daftari zima, mwambie, "Dada, nawe umo kwenye foleni, na fungu lako limeandikwa." Mwandikie karatasi ya awamu kama utakavyomwandikia muuza dawa. Dada aliyeandikiwa karatasi hulala vizuri kuliko dada aliyeahidiwa.

Nimekupa hesabu hii kwa kuwa umesema biashara iko kwa jina lako, maana yake deni ni lako wewe hata mlango ukifungwa. Msomaji mwingine mwenye kampuni iliyosajiliwa, ambayo mali yake haitoshi madeni, asifuate foleni yangu. Huko sheria ya ufilisi ndiyo inayopanga nani kwanza, na mkurugenzi akilipa kwa upendeleo anaweza kubebeshwa deni binafsi. Aende kwa mwanasheria kabla hajamlipa mtu hata mmoja.

Kuwaambia watu kuna mpangilio, na ukiukosea habari itakutangulia. Wasusi wanasikia kwanza, wote pamoja, asubuhi kabla ya kufungua. Wape tarehe, wape kiasi kila mmoja anachodai kikiwa kimeandikwa, na siku watakayolipwa. Waambie pia wateja wao wako huru kuwafuata. Najua kuna wenye saluni wanaokasirika hapo, sioni wanachokilinda. Msusi anayejua atatoka na wateja wake atabaki mpaka siku ya mwisho, naye ndiye anayekusaidia kumaliza zile huduma za mafungu 13. Asiyejua ataondoka wiki ya pili.

Siku hiyo hiyo mchana, wapigie simu wale 23, mmoja mmoja. Kuwatumia ujumbe wa pamoja hapo ni kosa. Mtu ambaye pesa yake iko kwako anastahili sauti yako. Kabla ya kupiga, kila jina liwe na mstari wake: alilipa nini, lini, ametumia ngapi, amebakiza ngapi. Mwenye kadi ya huduma kumi aliyetumia sita amebakiza nne, na hizo nne zihesabu kwa bei aliyolipia yeye. Usimgeuzie bei ya mmoja mmoja ili ionekane ameshatumia zaidi. Ujanja huo wateja wanaujua. Mpe njia mbili: aje atumie kabla ya wiki ya nne kuisha, au arudishiwe pesa kwa tarehe unayoitaja. Bibi harusi mpigie wa kwanza kabisa, kwa kuwa yeye anahitaji muda wa kutafuta mwingine kuliko anavyohitaji pesa. Ukiweza mtafutie msusi, lakini usihamishe kianzio chake kwenda kwa huyo msusi bila yeye kukubali.

Baada ya simu ndipo utume ujumbe kwa wateja wengine wote. Uwe mfupi:

"Ndugu mteja, saluni yetu itafunga tarehe fulani. Miadi yote iliyopangwa kabla ya tarehe hiyo iko palepale. Kuanzia tarehe fulani hatutaweka kope wala jeli mpya, ila tutatoa na kufumua. Kama ulilipia huduma ambayo hujaipata na hatujakupigia, tupigie kabla ya tarehe fulani ukiwa na risiti au ujumbe wa malipo. Namba hii itaendelea kufanya kazi. Asante kwa kutuamini."

Usiandike sababu. Ukiandika "hali ya uchumi", nusu watakuonea huruma na nusu wataanza kuuliza kama pesa zao zipo. Na ile namba ya simu, mwanangu, usiibadilishe. Anayebadilisha namba siku ya kufunga ameshawaambia watu alichokuwa anafikiri. Iache wazi angalau miezi sita, maana daima kuna mtu wa 24 ambaye alilipa akasafiri.

Muuza dawa na mwenye nyumba nenda kwao kwa miguu, ukiwa na karatasi mkononi. Ahadi ya "nitakulipa nikipata" haina uzito kwao, kila mdaiwa anaitoa. Samahani ziondoe kabisa, andika hivi: "Nadaiwa na wewe kiasi hiki hadi leo. Nitalipa kiasi hiki siku vifaa vitakapouzwa, si zaidi ya tarehe hii. Salio nitalipa kiasi hiki kila mwezi, tarehe hii, hadi liishe." Wote wawili mtie saini. Awamu iwe ndogo unayoiweza hata mwezi mbaya, kwa sababu awamu kubwa ukiikosa mara ya kwanza karatasi yote inapoteza thamani. Na mwenye nyumba akikubali kupunguza ili upishe mapema, hilo nalo liandikwe.

Vifaa sasa. Kosa langu mimi, nilipofunga saluni yangu ya kwanza, lilikuwa kuuza masinki kwanza, kwa sababu ndiyo yaliyopata mnunuzi haraka. Fundi aliyatoa Jumanne, Jumatano akaja mteja wa rilaksa aliyelipia kabla. Rilaksa bila maji ya kutosha ya kusuuzia haiwezekani. Ni dawa kali inayounguza ngozi ikichelewa kutoka. Nilimrudishia pesa mbele ya watu, na wiki hiyo hiyo kila mtu alijua nafunga kabla sijasema. Kwa hiyo tangaza vifaa mapema, chukua kianzio cha mnunuzi kama yupo, lakini kukabidhi kuwe baada ya mteja wa mwisho. Masinki na drayer yawe ya mwisho kutoka. Kabla hujayafungua ukutani, soma tena mkataba wa chumba: kilichofungwa kwenye ukuta au bomba, kama sinki, kabati za kujengea na kioo cha kubandika, mikataba mingine hukihesabu ni cha mwenye nyumba. Na kisipokuwa chake, bado utatakiwa kuziba mabomba na kurudisha ukuta. Gharama ya fundi itoe kwenye bei ya sinki kabla hujafurahi.

Usimwite dalali mmoja akanunue vyote kwa mkupuo siku ya kwanza. Anajua una haraka, na bei atakayotaja ni bei ya haraka yako. Panga kwa vituo: kiti, kioo na toroli pamoja ni kituo kimoja, na anayeanza saluni hununua kituo. Wanunuzi bora mara nyingi umeshawajua, yaani wasusi wako wenyewe, vyuo vya ususi, na wenye saluni wa jirani wanaotaka kuongeza nafasi. Msusi anayekudai mshahara anaweza kuchukua drayer kufidia sehemu ya mshahara. Hilo ni sawa ikiwa ametaka mwenyewe, bei ni ile ile ungemuuzia mtu wa nje, na mmeandikiana. Kumlazimisha achukue kiti badala ya pesa ya chakula ni kitu kingine.

Mnunuzi mjuzi atapima, kwa hiyo pima wewe kwanza. Kiti cha kupampu kaa juu yake, kipandishe hadi mwisho, subiri dakika kumi. Kikishuka chenyewe, mafuta yanavuja kwenye pampu na bei yake ni nusu ya unayofikiri. Drayer ya kofia iwashe dakika kumi na tano, usikie kama feni inakwaruza na kama kidhibiti joto kinakata. Stima ya nywele yenye ukoko mweupe wa chokaa isafishe kwa siki na maji kabla ya kuipiga picha. Kebo iliyokwanguka ibadilishe, usiifunge kwa utepe. Piga video fupi kila kifaa kikifanya kazi, na kwenye hati ya mauzo andika namba ya kifaa, kasoro unazozijua, na kwamba kimeuzwa kama kilivyo. Kasoro ukiiandika haikurudii. Kifaa kisitoke mlangoni mpaka pesa ionekane kwenye akaunti yako mwenyewe. Picha ya skrini inayoonyesha malipo hutengenezwa na kila mtoto mwenye simu.

Dawa zilizofunguliwa haziuziki, na usimpe mtu wa kwenda kuzitumia kwa wateja. Tazama ile alama ya kopo lililo wazi yenye namba kama 12M. Ndiyo miezi ya matumizi tangu kufunguliwa. Gundi ya kope iliyofunguliwa huharibika upesi zaidi ya vyote. Developa, ile haidrojeni peroksaidi ya kuchanganyia rangi, ikikaa hutoa gesi na chupa huvimba; usiimimine kwenye chombo kingine ukakaza kifuniko. Asetoni huwaka moto kwa urahisi. Vitu hivyo vipelekwe panapopokelewa taka za kemikali kwa utaratibu wa mahali ulipo, na wembe kwenye chombo kigumu chenye mfuniko.

Kuna jambo moja la kuwapa wateja ambalo halikugharimu kitu na ambalo saluni zinazofunga huondoka nalo. Ni kadi ya rangi. Mteja uliyempaka miaka mitatu hajui kichwani mwake kuna nini. Mwandikie: namba ya rangi, aina, developa ya volyumu 20, yaani asilimia 6, au 30 ambayo ni asilimia 9, ilikaa dakika ngapi, mara ya mwisho lini, na kama aliwahi kuwashwa kwenye kipimo cha ngozi. Mwenye rilaksa mwandikie nguvu yake na tarehe. Msusi mpya akiipata hiyo hataanza kwa kubahatisha, na nywele hazitakatika mikononi mwake. Lakini orodha ya namba za simu za wateja, hiyo usimuuzie mnunuzi wa vifaa hata akikupandishia bei. Walikupa wewe. Picha za nyuso na kope zao zifute kwenye simu za kazi. Risiti na vitabu vya hesabu vihifadhi kwa miaka ambayo mamlaka ya kodi ya kwenu inataka.

Na mamlaka hiyo ujue haioni mlango wako. Kufunga saluni hakufungi namba ya biashara; makadirio yanaweza kuendelea kuandikwa na faini juu yake, kwa mtu ambaye hata drayer hana. Peleka ritani ya mwisho, omba kwa maandishi kufutiwa usajili na leseni, na ukae na barua ya majibu. Bima ya madhara kwa wateja, kama unayo, iache mpaka siku ya mwisho ya kazi ipite, na muulize mwenye bima anashughulikiaje dai linalokuja baadaye. Umeme na intaneti vitolee notisi; makato ya benki ya kila mwezi yazime mwenyewe.

Siku ya funguo, nenda mchana, si usiku. Piga picha kila ukuta, mita ya umeme na ya maji, na pale yalipokuwa masinki. Tembeeni na mwenye nyumba chumba kizima, aandike alichokiona, atie saini kwamba amepokea funguo ngapi na tarehe. Kisha toka ukiwa na lile daftari, maana tarehe ya awamu ya kwanza ya muuza dawa itakuwa imebaki wiki chache.

Shangazi